Mizania Ikija kwa Simu: Mali, Madeni na Mtaji

 Uliye Kiabakari, uliye Bunda, Butiama na Musoma mjini, na wewe uliye njiani kwenye barabara ile ya Mwanza, karibu tuzungumze. Leo nakuomba uwe na kalamu na kipande cha karatasi, maana tutapiga hesabu kidogo. Ni kujumlisha na kutoa tu.

Mazungumzo ya leo yanahusu picha. Kila mwaka, vyama vya akiba na mikopo vinapokaribia mkutano mkuu, hesabu zilizokaguliwa hubandikwa ubaoni au kugawiwa kwa wajumbe. Mmoja anatoa simu, anapiga picha, anaitupa kwenye kundi la wanachama. Jioni simu mia moja zina picha ileile ya karatasi moja: mizania. Siku hizi wakaguzi huiita taarifa ya hali ya fedha, na jina hilo limeenea tangu mabadiliko ya viwango vya kimataifa vya uhasibu yalipoanza kutumika mwaka 2009, ila karatasi ni ileile. Halafu mabishano yanaanza. Huyu anasema chama kina milioni mia moja na tisini, yule anasema chama kinadaiwa hadi kooni, na mwingine anauliza mtaji umefichwa benki gani. Wote wanatazama picha moja.

Nitakachokuonyesha ni kwamba mizania ina kanuni moja ndani yake, na kanuni hiyo inafanya kazi mbili. Kwanza inakusaidia kuisoma picha mbovu, hata kufufua tarakimu ambayo mwanga wa taa umeifuta. Pili, tarakimu zikishakaa sawa, inakuambia hasara ikija itamwangukia nani kwanza.

Kanuni yenyewe ni hii: mali ni sawa na madeni pamoja na mtaji. Mali ni vitu ambavyo chama kinavimiliki au kinavidai: fedha, mikopo iliyo mikononi mwa wanachama, jengo, kompyuta. Madeni ni vile ambavyo chama kinadaiwa na wengine. Mtaji ni kinachobaki ukishatoa madeni kwenye mali. Zingatia neno hilo, kinachobaki. Mtaji hauhesabiwi kwa kufungua sefu. Unapatikana kwa kutoa.

Chukua mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mashine ya milioni 8. Alikopa milioni 5 kulinunua, milioni 3 akatoa mfukoni. Mali 8, deni 5, mtaji 3. Mwaka ukapita, karasha likachakaa, sokoni sasa halizidi milioni 6, na bado hajalipa hata senti ya lile deni. Deni linabaki 5 palepale, kwa hiyo mtaji umeshuka kutoka 3 hadi 1. Thamani ya mashine imeshuka kwa robo, lakini mtaji wa mwenyewe umeshuka kwa theluthi mbili. Shika hilo, tutalirudia kwa chama.

Sasa twende kwenye picha. Mfano wetu ni wa chama cha kutunga, na tarakimu nimezitunga mimi ili somo lieleweke. Tuseme ni chama cha akiba na mikopo cha pale Kiabakari, chenye walimu, askari magereza, wenye maduka ya barabarani, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaochimba kuzunguka eneo la mgodi wa zamani uliofungwa miaka ya 1960. Mizania yake ni ya tarehe 31 Desemba 2024.

Kabla hujagusa tarakimu yoyote kwenye picha, tafuta mambo matatu kwenye kichwa cha karatasi. La kwanza ni tarehe. Mizania haisemi habari za mwaka mzima. Inasema hali ilivyokuwa siku moja, kazi ilipofungwa. Chama kilichopokea mkopo wa benki tarehe 30 Desemba kitaonekana kina fedha nyingi tarehe 31, na wiki mbili baadaye fedha hizo zimekwishagawiwa. La pili ni kipimo. Juu ya safu za tarakimu mara nyingi pameandikwa kwamba hesabu ziko katika maelfu ya shilingi, au katika mamilioni. Mpiga picha akikata sehemu hiyo, umepotea. Benki zetu hutangaza mizania zao magazetini kila robo mwaka, nazo huziandika kwa mamilioni. Ukiona 5,000 pale, hizo ni bilioni 5. La tatu ni mpangilio wa safu. Kwa kawaida kuna safu mbili za fedha, ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, na kati ya jina la kipengele na fedha kuna safu nyembamba yenye namba ndogondogo: 5, 6, 7, 8. Hizo si fedha. Ni namba za maelezo yaliyo kurasa za nyuma. Nimewahi kusikia mtu akisema chama kina jengo la shilingi elfu saba, kumbe alisoma namba ya maelezo.

Haya, andika. Nitataja kwa mamilioni na laki. Upande wa mali: fedha mkononi na benki, milioni 18 na laki 6. Mikopo kwa wanachama, milioni 142 na laki 3. Wadaiwa wengine, milioni 2 na laki 2. Jengo na vifaa, milioni 26 na laki 9. Jumla ya mali, milioni 190.

Madeni: akiba za wanachama, milioni 118 na laki 5. Amana, milioni 12 na laki 4. Mkopo wa benki, milioni 30. Wadai wengine, milioni 4 na laki 7. Jumla ya madeni, milioni 165 na laki 6.

Mtaji: hisa za wanachama, milioni 21 na laki 5. Akiba ya kisheria, milioni 6 na laki 3. Halafu hasara limbikizi, milioni 3 na laki 4, na hiyo imewekwa ndani ya mabano. Jumla ya mtaji, milioni 24 na laki 4. Jumlisha madeni na mtaji: 165 na laki 6, ongeza 24 na laki 4, unapata 190. Pande zimelingana.

Sasa tuharibu picha. Tuseme mwanga wa taa umeangukia mstari wa mikopo kwa wanachama, tarakimu hazionekani. Usikimbilie kumpigia katibu. Jumla ya mali unaiona, ni 190. Vipengele vingine vitatu unaviona: 18 na laki 6, 2 na laki 2, 26 na laki 9. Vikijumlishwa ni milioni 47 na laki 7. Toa kwenye 190, unabaki na milioni 142 na laki 3. Umeirudisha tarakimu iliyofutwa. Lakini njia hii inaziba tundu moja tu katika kila jumla. Matundu yakiwa mawili katika orodha moja, utapata jumla ya yote mawili, hutajua lipi lina ngapi. Hapo omba picha nyingine.

Kosa la pili ndilo linalonoga zaidi. Picha ina ukungu kidogo na yale mabano ya hasara hayaonekani. Msomaji anaichukua hasara ya milioni 3 na laki 4 kama faida, anaijumlisha. Mtaji wake unakuwa milioni 31 na laki 2. Akijumlisha na madeni anapata milioni 196 na laki 8, wakati mali ni 190. Tofauti ni milioni 6 na laki 8. Sasa gawa tofauti hiyo kwa mbili: milioni 3 na laki 4. Tazama kwenye orodha kama kuna kipengele chenye kiasi hicho. Kipo, ni ile hasara. Kilichopaswa kutolewa kikijumlishwa, tofauti huwa mara mbili yake. Kwa hiyo pande zikikataa kulingana, gawa tofauti kwa mbili kwanza, kisha mtafute mwenye kiasi hicho.

Kosa la tatu ni la mkono, wakati wa kunakili kutoka kwenye picha. Badala ya 26 na laki 9, mtu anaandika 29 na laki 6. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tofauti ni laki 27. Gawa kwa tisa: 3 kamili, hakuna kinachobaki. Wahasibu wa siku nyingi wanalijua hili: tarakimu mbili zinazopakana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa tisa daima. Isipogawanyika kwa tisa, tafuta kosa la aina nyingine. Kwa mfano, tarakimu moja iliyosomwa vibaya, 3 ikaonekana 8, huacha tofauti ya 5 na sifuri zake: laki 5, milioni 5, au milioni 50, kutegemea nafasi yake. Ukiona tofauti ya laki 5 kamili, rudi kwenye picha uzitazame 3 na 8 zote zilizoko nafasi ya laki.

Na wewe unayepiga picha, tusaidie. Laza karatasi mezani, usiipige ikiwa imening'inia ubaoni kwa pini moja. Simama mwanga ukitoka pembeni, kivuli chako kisiangukie karatasi. Chukua ukurasa mzima, kingo zote nne zionekane, kisha piga ya pili kwa karibu, safu za fedha peke yake. Unapoituma kwa Watsapu itume kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na tarakimu ndogo hupoteza ncha zake. Na usiache kurasa za maelezo. Utaona punde kwa nini.

Tarakimu zimekaa sawa. Sasa tuzisome.

Jambo linalowakwaza wanachama wengi ni akiba zao kuonekana upande wa madeni. Utasikia, "Mbona fedha zetu wameziita deni? Sisi si wenye chama?" Ndiyo, ni wenye chama, lakini akiba yako ukijitoa uanachama unarudishiwa. Kwa hiyo chama kinadaiwa na wewe. Fedha iliyokufanya mmiliki ni hisa, na ndiyo maana hisa imekaa upande wa mtaji. Mtu mmoja ana viti viwili: kwenye akiba anakaa kama mdai, kwenye hisa anakaa kama mwenye mali. Na ile akiba ya kisheria, isikuchanganye kwa kuwa nayo inaitwa akiba. Hiyo ni sehemu ya ziada ya miaka iliyopita ambayo chama kimeizuia isigawanywe. Haina jina la mwanachama mmoja mmoja, na iko kwenye mtaji.

Tazama basi shughuli za kawaida zinavyoisogeza mizania. Mwalimu analeta laki 5 za akiba. Fedha zimepanda laki 5, akiba za wanachama zimepanda laki 5. Mali imekua, mtaji haujasogea hata shilingi. Mwalimu huyohuyo angenunua hisa za laki 5, fedha zingepanda vilevile, lakini safari hii mtaji nao ungepanda. Chama kikitoa mkopo wa laki 5, fedha zinashuka na mikopo inapanda, jumla ya mali inabaki ileile. Mkopaji akilipa riba ya elfu 50, fedha zinapanda na mtaji unapanda, maana riba ni pato. Na mkopaji akikimbia na laki 5, mikopo inashuka laki 5. Upande wa pili nani anashuka? Benki haitapunguza deni lake kwa sababu mchimbaji wako ametoroka. Akiba za wanachama zinabaki zilivyoandikwa. Anayeshuka ni mtaji. Hivyo ndivyo kanuni inavyofanya kazi: madeni yanakaa imara, mali inapanda na kushuka, na mtaji unabeba tofauti yote.

Sasa jibu la wale wanaouliza mtaji umefichwa wapi. Mtaji wa chama chetu ni milioni 24 na laki 4, lakini fedha zote mkononi na benki ni milioni 18 na laki 6 tu. Ukiutafuta mtaji kwenye sefu hutauona wote, na si lazima kwamba kuna aliyekula. Fedha za hisa zilichanganyika na fedha za akiba na za benki, zikatoka zikawa mikopo, zikawa jengo, zikawa kompyuta. Huwezi kuinua tofali ukasema hili ni la hisa na lile ni la benki. Upande wa mali unasema fedha zimekaa katika umbo gani. Upande wa madeni na mtaji unasema zilitoka kwa nani.

Tuchukue sasa safu ya pili, ya mwaka 2023. Tarakimu tatu zinatosha: mali milioni 162 na laki 7, madeni milioni 134 na laki 6, mtaji milioni 28 na laki 1. Mwenyekiti anasimama mkutanoni anasema chama kimekua, mali imeongezeka kwa milioni 27 na laki 3. Ni kweli, hajadanganya. Lakini shuka mstari mmoja. Madeni yameongezeka kwa milioni 31. Mtaji umepungua kwa milioni 3 na laki 7. Ukitoa 3 na laki 7 kwenye 31, unapata 27 na laki 3. Kumbe ukuaji wote umekuja kwa deni, na deni lenyewe, karibu lote, ni ule mkopo wa benki wa milioni 30 ambao mwaka 2023 haukuwepo. Ongezeko la mali lisikufurahishe kabla hujauliza limeletwa na upande upi.

Kwenye mtaji kuna habari nyingine. Mwaka 2023 hisa zilikuwa milioni 20 na laki 9, akiba ya kisheria milioni 6 na laki 3, na kulikuwa na faida limbikizi ya laki 9. Mwaka 2024 hisa zimepanda kwa laki 6, akiba ya kisheria haikusogea, na ile faida ya laki 9 imegeuka hasara ya milioni 3 na laki 4. Kutoka juu ya sifuri kwa laki 9 hadi chini ya sifuri kwa milioni 3 na laki 4, umbali ni milioni 4 na laki 3. Kama chama hakikugawa gawio lolote mwaka huo, basi hiyo ndiyo hasara ya mwaka 2024, na umeijua bila kuiona taarifa ya mapato na matumizi. Kama kiligawa gawio, hasara ni ndogo kuliko hapo, na jibu utalipata kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji.

Twende kwenye uzito wa mtaji. Milioni 24 na laki 4 katika mali ya milioni 190 ni kama shilingi 13 katika kila 100. Kenya, kanuni za SACCO zinazopokea amana, za mwaka 2010, zinataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali yote. Mtaji wa msingi una namna yake ya kuhesabiwa, na kanuni hizo si za kwetu, lakini asilimia 10 inafaa kuwa alama ya kupimia. Leo chama chetu kiko juu ya alama hiyo. Sasa tuseme wachimbaji kadhaa walikopa kwa matumaini ya duara ambalo halikutoa kitu, na mikopo ya milioni 10 hailipiki. Mali inashuka hadi 180. Madeni yamebaki 165 na laki 6. Mtaji sasa ni milioni 14 na laki 4. Gawa kwa 180: ni asilimia 8. Chama kimeshuka chini ya alama kwa mikopo ambayo haifiki hata shilingi 8 katika kila 100 zilizokopeshwa. Ikifika shilingi 17 hivi katika kila 100 za mikopo, mtaji wote umekwisha. Kuanzia hapo kila shilingi inayopotea inakula akiba za watu. Unaona sasa lile karasha.

Mtaji ukishakwisha, shirika halifungi mlango siku hiyohiyo. Kenya Airways, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, ilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na mizania yake ikaonyesha madeni yamezidi mali kwa karibu bilioni 6. Mtaji ulikuwa chini ya sifuri, lakini ndege ziliendelea kuruka, kwa kuwa wadai na serikali waliamua kusubiri. Mwaka 2017 sehemu ya madeni ya benki za Kenya na ya serikali iligeuzwa kuwa hisa. Tazama kanuni inavyofanya: madeni yalishuka, mtaji ukapanda kwa kiasi hichohicho, mali haikuongezeka hata tairi moja. Waliokuwa wadai wakawa wenye shirika, na wenye hisa wa zamani wakabaki na kipande chembamba. Chama kidogo cha Kiabakari hakina wa kukisubiri kwa miaka. Wanachama wakisikia fununu, wataanza kudai akiba zao kesho yake.

Na wakija, fedha ziko wapi? Fedha ni milioni 18 na laki 6, akiba ni milioni 118 na laki 5. Iliyobaki iko kwenye mikopo ambayo italipwa kidogokidogo kwa miezi mingi. Chama kinaweza kuwa na mtaji mzuri na bado kikashindwa kumlipa mtu Ijumaa. Mtaji unasema kama mali inatosha kufunika madeni. Hausemi kama mali hiyo itageuka fedha kwa wakati.

Sasa nikuonye kuhusu mpaka wa kanuni yenyewe. Mizania kulingana hakuthibitishi kwamba ni ya kweli. Mfano wetu ulilingana kwa 190, na utalingana vilevile kwa 180 mikopo ile ikifutwa. Ungelingana hata kama ile mikopo mibovu ingeachwa vitabuni kana kwamba ni mizima. Vilevile chama kinaweza kumwita mthamini, jengo likapandishwa kwa milioni 10. Mali inapanda, mtaji unapanda, karatasi inapendeza, na hakuna shilingi iliyoingia. Mtaji wa namna hiyo hutajwa kwenye mstari wake, akiba ya uthamini au jina linalofanana na hilo, na ukiuona mwaka ambao mikopo imeharibika, uliza kwa nini jengo limethaminiwa mwaka huohuo.

Ndiyo maana nilisema usiache kurasa za maelezo. Rudi kwenye ile safu nyembamba, tazama namba iliyo mbele ya mikopo kwa wanachama, fungua maelezo ya namba hiyo. Pale utakuta mikopo kamili iliyotolewa, kisha kiasi kilichotengwa kwa ajili ya mikopo isiyolipika. Tuseme kwa chama chetu imeandikwa milioni 158 zimekopeshwa, milioni 15 na laki 7 zimetengwa, ndipo ikapatikana ile 142 na laki 3. Swali linalofuata ni moja: mikopo chechefu, ile iliyokwama bila kulipwa, jumla yake ni kiasi gani? Ikiwa ni milioni 16, fungu lililotengwa linakaribia kutosha. Ikiwa ni milioni 40, basi kuna milioni 24 na laki 3 zinazosubiri kuangukia mtaji, na mtaji wetu ni milioni 24 na laki 4. Hapo ile jumla ya mtaji uliyoiona kwenye picha imebaki laki 1 na imani.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukifika, na mkaguzi wa nje akiwa amekaa meza ya mbele, awe wa COASCO au wa kampuni iliyoidhinishwa, usinyanyuke kuuliza chama kina shilingi ngapi. Nyanyuka uulize maswali mawili, ukiwa umeshika karatasi yako. Kwanza: katika mikopo hii, ni kiasi gani hakijalipwa kwa zaidi ya siku 90, na mmetenga kiasi gani kwa ajili yake? Pili: katika mkopo wa benki wa milioni 30, ni kiasi gani tunapaswa kulipa kabla ya Desemba ijayo, na fedha hizo zitatoka kwenye mstari upi wa mali? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili mwakani picha mpya ikiingia kwenye simu, uyaweke pembeni yake ulinganishe.